Betri ya simu haichoshwi na chaja, inachoshwa na kukaa imejaa kwenye joto

Simu ikiwa mpya, jioni unafika nayo nyumbani ikiwa bado na asilimia 40. Miaka miwili baadaye, simu ileile na matumizi yaleyale, asilimia 40 unaikuta saa nane mchana. Hapo mtu huanza kujitafutia kosa: labda niliichaji kabla haijaisha, labda ni kule kuiacha kwenye chaja usiku kucha, labda sikuichaji saa za kutosha siku ya kwanza. Mengi ya hayo si makosa, na kosa lenyewe mara nyingi halimo kwenye orodha. Ili kujua lipi ni lipi, inabidi kwanza tuingie ndani ya betri.

Betri ya lithiamu-ioni ina pande mbili. Upande hasi ni grafiti, kaboni iliyopangika tabaka juu ya tabaka. Upande chanya ni oksidi ya metali, ambayo kwenye simu mara nyingi huwa na kobalti. Kati yake kuna kimiminika kinachoitwa elektroliti. Ukichaji, ioni za lithiamu hutoka upande chanya, hupita kwenye elektroliti na kujipenyeza kati ya tabaka za grafiti. Ukitumia simu, hurudi zilikotoka. Uwezo wa betri, kwa sehemu kubwa, ni idadi ya ioni zinazoweza kwenda na kurudi.

Tatizo ni kwamba grafiti iliyojaa lithiamu na elektroliti havipatani. Vinapogusana, elektroliti huvunjika na mabaki yake huganda juu ya grafiti kama ukoga kwenye meno. Utando huo una kazi yake. Kiwandani huachwa ujijenge makusudi kwenye chaji za mwanzo, kwa sababu unaikinga elektroliti isiendelee kuvunjika. Ila haukingi kwa asilimia mia. Huendelea kunenepa polepole, na kila unaponenepa humeza lithiamu kidogo ambayo haitasafiri tena. Betri iliyochoka haivuji chaji, kama wengi wanavyodhani. Wasafiri wake ndio waliopungua.

Kasi ya kupungua huko ni ndogo ajabu. Betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji inapoteza chini ya sehemu tano katika elfu kumi kwa kila mzunguko. Hakuna kosa la siku moja linaloiua betri ya namna hii. Kinachoiua ni hali inayojirudia kila siku, na hali zenye uzito ni mbili: joto na volti kubwa. Joto huharakisha mmenyuko wa kemikali popote pale, na huu haujasamehewa. Volti nazo hupanda kadiri betri inavyojaa: seli iliyo nusu huwa karibu na volti 3.8, na iliyojaa kwenye simu za sasa hufika karibu na 4.4. Huko juu, grafiti imeshiba lithiamu na inaishambulia elektroliti kwa nguvu zaidi, huku upande chanya ukiwa umenyang'anywa lithiamu nyingi kiasi kwamba umbo lake huanza kuyumba na kupasuka nyufa ndogo ndogo.

Kwa kipimo hicho tuziangalie sasa dhana zenyewe.

Dhana: subiri simu iishe kabisa ndipo uchaji.

Huu ulikuwa ushauri mzuri kwa betri za nikeli na kadimiamu, ambazo kweli zilikuwa na tabia ya kuzoea kuchajiwa nusunusu. Betri za lithiamu zilipoanza kuuzwa mwaka 1991 hazikuwa na ugonjwa huo, ila ushauri umebaki midomoni mwa watu. Kwa lithiamu mambo ni kinyume: kwenda kutoka 100 hadi 0 na kurudi kunazitanua na kuzibana tabaka kuliko safari fupi za katikati. Kuchaji kutoka 35 hadi 75 mara mbili kwa siku ni kuzuri kuliko kusubiri sifuri.

Hapa kuna hofu nyingine inayojificha, kwamba kila ukichomeka chaja umehesabiwa mzunguko mmoja. Sivyo. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 zilizotumika, hata kama zimekusanywa kwa siku tatu. Ukitumia asilimia 50 leo na 50 kesho, ukichaji kila usiku, huo ni mzunguko mmoja tu. Chomeka utakavyo.

Kuimaliza simu kabisa mara mojamoja kunaweza kusaidia kitu kimoja, nacho ni kipimo cha asilimia kinachoonekana kwenye kioo, kama kimeanza kudanganya. Kunasahihisha hesabu, hakurudishi uwezo. Na ule ushauri wa kuchaji simu mpya saa nane au kumi na mbili kabla ya kuiwasha haufanyi lolote.

Dhana: kuiacha kwenye chaja usiku kunaijaza kupita kiasi.

Hii ndiyo yenye nusu ya ukweli, na ndiyo inayostahili muda wetu zaidi. Simu haijazwi kupita kiasi. Saketi iliyo ndani huruhusu mkondo mkubwa mwanzoni, na volti zikifika kikomo inaanza kuupunguza kidogo kidogo hadi inaukata. Ndiyo maana asilimia 20 za mwisho huchukua muda mrefu kuliko zile za mwanzo. Ikishajaa, chaja huongeza tone tu pale inaposhuka kidogo.

Kwa hiyo hakuna mafuriko. Kuna kukaa juu. Chukua mtu anayechomeka simu saa nne usiku na kuichomoa saa kumi na mbili asubuhi. Simu inajaa saa sita usiku, kisha inakaa saa sita kwenye 100. Kwa mwaka ni saa 2,190, yaani karibu siku 91 kamili za betri kukaa kwenye volti zake za juu kabisa bila kumfanyia mwenyewe kazi yoyote. Weka juu ya hapo kava nene na simu iliyo chini ya mto, na umeongeza joto katika saa zilezile.

Uzito wa mambo haya mawili unaonekana vizuri kwenye betri ambazo hazitumiki kabisa. Katika jedwali linalotajwa sana na watu wa betri, seli iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40 ilipoteza takriban asilimia 4 ya uwezo wake. Iliyohifadhiwa ikiwa imejaa ilipoteza takriban 20. Kwenye nyuzi 40, ya asilimia 40 ilipoteza 15 na iliyojaa 35. Seli za leo si zilezile, lakini mwelekeo haujabadilika: hakuna aliyezigusa, hazikuzungushwa hata mara moja, na bado zimechoka.

Dawa ni kuweka kikomo. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80, au wa kungoja hapo usiku na kumalizia kabla ya saa unayoamka. Kwa yule mtu wa saa nne usiku, kuwasha kikomo cha 80 kunaziondoa saa zote 2,190, na hakuna tabia nyingine yoyote anayohitaji kubadilisha.

Lakini niseme ninavyoona mimi. Kama asilimia 80 hazikufikishi jioni, usijinyime. Kujinyima asilimia 20 kila siku ili usije ukapoteza asilimia 20 baadaye ni biashara ya hasara. Chaji hadi 100 asubuhi kabla ya kutoka, anza kuitumia, itashuka yenyewe ndani ya saa mbili tatu. Kufika juu si shida, shida ni kulala huko.

Dhana: chaji ya haraka inaua betri.

Chaji ya haraka huleta joto, na joto tumeshalitaja. Ila simu huipima betri joto wakati wote na kupunguza mkondo ikizidi, na ile kasi kubwa hutolewa betri ikiwa chini, pale inapoweza kuipokea. Hofu ielekeze kwenye mazingira: simu inayochajiwa haraka huku inacheza gemu au imening'inizwa kwenye dashibodi juani ikionyesha ramani. Kama ukiishika mgongoni unataka kuiachia, vua kava, ihamishie kivulini na uache kuitumia mpaka ipoe. Usiku, ambapo huna haraka, chaja ndogo inatosha.

Usiipoze kwa friji. Unyevu unaweza kujikusanya ndani, na betri yenye baridi kali ikichajiwa, lithiamu hushindwa kuingia kwenye grafiti na hujipaka juu yake kama metali. Lithiamu hiyo nayo imepotea, na ikirundikana inaweza hata kuunganisha pande mbili za betri. Chini ya nyuzi 0, usichaji kabisa.

Dhana: kama imechomekwa tu na haitumiki, betri imepumzika.

Hii ilinigharimu simu. Niliiweka simu ya zamani dirishani igawe intaneti nyumbani, imechomekwa mchana na usiku, kwenye 100, na jua la alasiri likiipiga. Baada ya karibu mwaka niliona kioo kimeinuka upande mmoja, ukucha unapita kwenye mwanya. Elektroliti ilikuwa imevunjika hadi kutoa gesi na betri imevimba kama mto mdogo. Haikuwa imetumika hata kidogo kwa maana ya kushikwa mkononi. Ilikuwa imekaa juu, kwenye joto, bila kushuka.

Ukiona kioo au mgongo umeinuka, acha kuichaji, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi aitoe betri. Uvimbe hauondoki.

Dalili nyingine huja mapema zaidi: simu inazimika ikiwa na asilimia 20, hasa ukifungua kamera au ikiwa kwenye baridi. Ule utando ukinenepa huongeza ukinzani ndani ya betri, na simu inapodai mkondo mkubwa ghafla, volti huanguka chini ya kiwango cha kuiwezesha kuwaka. Chaji ipo, ila haitoki kwa kasi inayotakiwa. Hapo hakuna tabia ya kuchaji itakayoirudisha, ni betri mpya.

Na simu unayotaka kuiweka kabatini kwa miezi kadhaa, izime ikiwa karibu na nusu, mahali penye ubaridi wa kawaida. Ukiiweka imejaa itachoka kama zile seli za jedwali. Ukiiweka ikiwa sifuri, itaendelea kushuka taratibu hadi saketi ya ulinzi ikatae kuipokea chaji tena. Kila baada ya miezi sita iangalie, na uirudishe nusu.