Tamthilia ya antholojia: nini huunganisha hadithi zisizohusiana?

Aliyezoea tamthilia za jioni hutarajia kuwakuta kesho wahusika aliowaacha leo. Tamthilia ya antholojia haina ahadi hiyo. Hadithi huanza na kuisha, kisha inayofuata huja na watu wengine, mahali pengine, hata zama nyingine, kama ilivyo katika kitabu cha hadithi fupi.

Watu wengi huichanganya na tamthilia za polisi ambamo kila sehemu ina kesi mpya. Humo kesi hubadilika, lakini mpelelezi ni yuleyule, na yaliyomkuta wiki iliyopita humfuata. Katika antholojia unaweza kuanza na sehemu ya mwisho usipungukiwe na kitu.

Tazama Black Mirror ya Charlie Brooker, iliyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2011. Msimu wa kwanza una sehemu 3 tu. Katika ya kwanza, mtekaji nyara anamshinikiza waziri mkuu ajidhalilishe mbele ya kamera, na taifa zima linakaa kutazama. Katika ya pili, watu wanakanyaga baiskeli siku nzima mbele ya skrini ili wapate pointi, na tumaini lao la kutoka ni shindano la vipaji. Katika ya tatu, watu wana kifaa nyuma ya sikio kinachorekodi kila wanachokiona, na mume mmoja anarudia kumbukumbu zake kwa wivu mpaka ndoa inavunjika.

Wengi husema kinachounganisha hadithi hizi ni teknolojia ya kesho. Nadhani sivyo, kwa sababu ile ya kwanza haina kifaa chochote kipya: ni televisheni, simu na intaneti tulizo nazo. Kinachorudi kote ni mtu anayepewa nafasi ya kutazama, anashindwa kugeuza macho, na kutazama kwenyewe kunamuumiza yeye au mwenzake. Dhamira ya antholojia ni swali linalojaribiwa kwa watu tofauti.

Kuna pia antholojia ya misimu, ambamo hadithi moja huchukua msimu mzima. Fargo ya Noah Hawley, ya mwaka 2014, ilianza na visa vya 2006. Msimu wa pili ukarudi nyuma hadi 1979. Lou Solverson, mzee mstaafu katika msimu wa kwanza, ni askari kijana katika wa pili. Anayemjua hufurahi, asiyemjua hakosi kitu. Kiungo kikuu ni kwamba katika misimu yote miwili mtu wa kawaida anaficha kosa moja, na kulificha kunazaa vifo vingine.

Ugumu wake uko kwa mwandishi. Kila hadithi mpya inambidi aujenge ulimwengu upya na kumfanya mtazamaji awajali watu asiowajua, pengine ndani ya saa moja. Akitumia nusu ya muda huo kueleza kanuni za ulimwengu wake, wahusika hubaki vivuli. Na swali likipata jibu lilelile kila mara, mtazamaji huujua mwisho kabla hadithi haijafika katikati.