Kutoa bekigraundi kwa chaneli za Photoshop: mnayoambiana na ukweli wenyewe

Nichukue picha moja tuende nayo: dada ana afro kubwa, kavaa shati jeupe, nyuma yake turubai la bluu lina mikunjo na kamba kibao, kulia tawi la mwembe limejipenyeza. Shida ipo kwenye afro, ile huwezi kuizungushia Pen Tool unywele mmoja mmoja.

"We kopi Blue tu, inatosha"

Hapana, chaneli ni picha ya kijivu inayoonyesha rangi moja tu iko kiasi gani, na inachaguliwa kwa macho. Fungua Channels, bonyeza Red, Green na Blue moja moja uone ni wapi nywele zimeachana zaidi na kilicho nyuma yake. Hapa Blue inashinda maana turubai linawaka karibu jeupe na nywele zinabaki nyeusi, wakati kwenye Red turubai limezama giza sawasawa na nywele. Ila pale kwenye mwembe Blue inafeli kabisa, majani mabichi hayarudishi bluu nyingi kwa hiyo yanakuwa meusi kama nywele, pale nikatumia Green. Kichwa kimoja, chaneli mbili, hamna sheria inayokataza. Na buruta kwanza Blue kwenye kitufe cha chaneli mpya upate Blue copy, maana ukichezea Blue yenyewe unabadili rangi za picha yote.

"Vuta Levels mpaka ibaki nyeusi na nyeupe tupu"

Hii ndo inaharibu kazi za watu wengi, na inaniuma kwa sababu ule ukijivu wa pembeni ndo nywele zenyewe, zile nyembamba zinazopitisha mwanga. Ukiumaliza, afro inatoka kama imekatwa na mkasi. Mimi Ctrl+L niliishia 45 kwa nyeusi na 190 kwa nyeupe, nikaacha kijivu kidogo, halafu nikachukua brashi nikaiweka Overlay: rangi nyeusi ya Overlay inazidisha giza kwenye nywele na haigusi kilicho cheupe kabisa, nyeupe nayo inasafisha mikunjo ya turubai bila kula nywele nyeusi. Green copy nayo hivyohivyo, kisha ule upande wa mwembe nikauzungushia Lasso, nikakopi, nikabandika kwenye Blue copy.

"Chaneli inamkata mtu mzima"

Inakupa kingo tu. Shati jeupe kwenye Blue linawaka sawa na turubai, kwa hiyo mabega niliyachora kwa Pen Tool nikajaza nyeusi, uso pia. Baada ya hapo Ctrl+I ili mtu awe mweupe na nyuma pawe peusi, shikilia Ctrl ubonyeze kijipicha cha Blue copy, rudi RGB, weka maski kwenye leya, ndo inayoficha bekigraundi.

"Ukiona ubluu kwenye nywele, selekshoni mbovu"

Mara nyingi selekshoni iko sawa, ni rangi ya turubai imebaki ndani ya zile nywele nyembamba. Usiipunguze maski. Weka leya mpya juu, ibane kwenye picha kwa Ctrl+Alt+G, modi iwe Color, chukua rangi ya katikati ya afro upake kingo taratibu.