Vumbi la Mionzi: Hesabu ya 7 kwa 10 na Saa za Kukaa Ndani

Kuna klipu ya sauti inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza. Inasema bomu la nyuklia likilipuka, vumbi lake hukaa na sumu ileile kwa miaka elfu, kwa hiyo watu wakimbilie kwenye mitumbwi. Hakuna tishio lolote lililotangazwa, na aliyeituma huenda alitaka kusaidia. Hata hivyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, haimwangalii kwa huruma anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo ili kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tafadhali usisambaze.

Vumbi hilo halibaki na sumu ileile, na hesabu yake, inayoitwa 7 kwa 10, ni hii. Kila muda tangu mlipuko unapozidishwa mara 7, kiwango cha mionzi ya gama, ile inayopenya hadi mwilini, kutoka kwenye vumbi hushuka hadi takriban sehemu moja ya kumi. Tuseme bomu limelipuka Jumatatu saa 2 asubuhi, na kufikia saa 3 vumbi lote limeshatua mtaani kwako. Kipimo nje kinasoma milisivati 300 kwa saa, yaani mionzi ambayo mwili ungepokea kwa saa moja. Saa 9 alasiri, yaani saa 7 baada ya mlipuko, kitasoma kama 30. Jumatano saa 3 asubuhi kitasoma 3. Baada ya wiki mbili hivi, 0.3.

Kwa nini iwe hivyo? Vumbi hilo ni mchanganyiko wa mamia ya aina za atomi zisizotulia. Ni kama moto uliowashwa kwa mabua, vijiti na magogo kwa pamoja: mabua huwaka kwa fujo na kwisha, magogo hubaki yakifuka. Wakati wowote ule, mionzi mingi hutoka kwa zile atomi ambazo uhai wake unakaribiana na umri wa vumbi. Atomi za uhai mrefu mara 7 hutoa mionzi yao kwa kuitawanya katika muda mrefu mara 7, hivyo kila saa inapata kidogo. Tena, kwa kawaida atomi za uhai mrefu hutoa nishati ndogo zaidi. Ndiyo maana kupungua hakuishii mara 7, kunafika karibu mara 10.

Sasa tazama maana yake kwa mtu anayetaka kuchungulia nje. Kwa mfano wetu, ukitoka saa 4 asubuhi ukazunguka kwa saa moja, unapata kama milisivati 100. Ukisubiri hadi Jumanne saa 2 asubuhi, saa moja hiyohiyo inakugharimu kama 6. Mfanyakazi wa mionzi kwa wastani haruhusiwi kuzidi 20 kwa mwaka mzima. Aliyekaa nje siku nzima ya kwanza angepata takriban 700. Aliyekaa chumba cha katikati cha ghorofa ya zege, mbali na paa na kuta za nje, anaweza kupata sehemu moja ya kumi ya hiyo au chini yake. Nyumba ya mabati na kuta nyepesi hupunguza karibu nusu tu. Kama jengo imara liko jirani, ingia humo kabla vumbi halijafika.

Kosa tunalolisikia kila mara ni kuhesabu kuanzia vumbi lilipotua. Hapana! Saa huanza mlipuko ulipotokea. Vumbi likikufikia saa 5 baadaye, kushuka mara kumi utakuona saa ya 35, si saa ya 12. Na likiwa bado linatua, kipimo kinaweza hata kupanda.

Kuhusu mitumbwi: Machi 1, 1954, jaribio la bomu la nyuklia la Marekani huko Bikini, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, liliinyeshea majivu ya mwamba wa matumbawe meli ya wavuvi wa Kijapani waliokuwa 23. Walirudi bandarini Yaizu Machi 14, wakiwa wameishi na majivu yale kwenye sitaha. Waliugua, na mmoja alifariki Septemba mwaka huohuo. Mtumbwi hauna paa wala ukuta. Dagaa waliokuwa wameanikwa mchangani waachwe hapohapo wasubiri kupimwa, na mfereji wa maji ya paa uondolewe kwenye simtanki kabla mvua haijanyesha. Maji yaliyokwisha kufunikwa yanafaa kunywa.

Kutoka rasmi kunategemea vipimo vya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), si kalamu na karatasi yako, kwani kanuni hii ni ya makadirio na huanza kupotoka baada ya miezi kama sita. Pia haihusu ajali ya kinu cha nyuklia. Ndani ya kinu atomi za uhai mfupi huwa zimeshakwisha nyingi kabla ya ajali, na kinachotoka kina atomi za sizi-137, ambazo huchukua miaka 30 kupungua nusu. Aliyetumia 7 kwa 10 baada ya ajali ya kinu cha Chernobili angedanganyika vibaya.