Kuchagua Jozi ya Kuanzia: Alkoholi Moja, Njia Tatu za Kuitengeneza

Mwanafunzi anayeanza kemia ya kaboni hufundishwa mapema kwamba kitendanishi cha Grignard kikikutana na kampaundi yenye kundi la kabonili, yaani kaboni iliyoshikamana na oksijeni kwa kifungo maradufu, hupatikana alkoholi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamsaidii sana mtu aliyepewa alkoholi fulani na kuambiwa aitengeneze. Swali lake si nini kitatokea viwili hivi vikichanganywa, bali ni vitu gani viwili achukue rafuni, na kwa nini hivyo na si vingine.

Victor Grignard alitangaza ugunduzi wake mwaka 1900, na mwaka 1912 akapata Tuzo ya Nobeli ya Kemia pamoja na Paul Sabatier. Alichoonyesha ni kwamba madini ya magnesi, yakiwa ndani ya etha kavu, hujipenyeza kati ya kaboni na bromini. Kaboni iliyokuwa na upungufu wa elektroni sasa inakuwa na ziada yake, kwa hiyo huifuata kaboni ya kabonili, ambayo oksijeni imeivutia elektroni zake, na kufunga nayo kifungo kipya. Oksijeni hubaki imeshikwa na magnesi mpaka itakapopewa haidrojeni mwishoni. Kutokana na hapo, formaldehaidi huzaa alkoholi ya daraja la kwanza, aldehaidi nyingine huzaa ya daraja la pili, na ketoni huzaa ya daraja la tatu.

Tuchukue mfano wa 2-fenilibutan-2-oli. Ukiichora karatasini, weka kidole kwenye kaboni inayobeba OH, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kaboni ya kabonili. Imezungukwa na makundi matatu ya kaboni: fenili, ethili na methili. Lolote kati ya hayo linaweza kuwa ndilo lililoletwa na magnesi. Ukikata kifungo cha fenili, unabaki na butanoni, na kitendanishi chako ni C6H5MgBr. Ukikata cha ethili, unahitaji asetofenoni na C2H5MgBr. Ukikata cha methili, unahitaji propiofenoni na CH3MgI. Njia zote tatu ni halali karatasini, na zote huleta mchanganyiko uleule, kwa kiasi sawa, wa maumbo mawili yanayofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo, kwa kuwa kitendanishi kinaweza kuikabili ketoni kutoka upande wowote. Tofauti huonekana maabara.

Njia ya ethili ina kasoro mbili. Kaboni ya pili ya kundi la ethili ina haidrojeni ambayo inaweza kuhamia kwenye kabonili badala ya ethili yenyewe, na hapo asetofenoni hugeuka kuwa 1-feniliethanoli, alkoholi ambayo hukuikusudia. Kwa ethili kiasi hicho si kikubwa, lakini kasoro ya pili inakizidishia uzito: asetofenoni inayosalia bila kumenyuka huchemka kwenye nyuzi 202 za Selsiasi, na kuitenganisha na zao lako kwa ukenekaji ni kazi ngumu. Njia ya methili haina tatizo la kwanza, kwani methili haina kaboni ya pili ya kutoa haidrojeni, ila propiofenoni nayo huchemka juu, kwenye nyuzi 218. Butanoni huchemka kwenye nyuzi 80 tu, na sehemu yake nzuri huyeyuka katika maji ya kuoshea. Kwa maoni yangu, masalio yanayoondoka kwa urahisi ni sababu ya kutosha ya kuanza na jozi ya fenili, ingawa wengi hutazama tu kama mmenyuko utafanyika na kusahau kwamba kuna kusafisha baadaye.

Kwa kipimo kidogo, chukua gramu 1.3 za magnesi na gramu 7.85 za bromobenzeni, ambazo ni moli 0.05. Vyombo vikaushwe ovenini na vipoe bila kuingiwa na unyevu, kwa sababu kitendanishi hiki hunyakua haidrojeni ya maji na kugeuka benzeni. Hesabu yake ni ya kuogofya: matone mawili ya maji, takriban gramu 0.09, ni moli 0.005, yaani yanaharibu moja ya kumi ya kitendanishi chote. Etha nayo hushika moto upesi mno, hivyo pasiwe na mwali wowote karibu. Magnesi huwekwa chupani pamoja na punje ya iodini na sehemu ndogo ya bromobenzeni iliyoyeyushwa katika etha. Rangi ya kahawia ya iodini ikififia, ukungu ukatokea, na viputo vikaanza kupanda kutoka kwenye madini, mmenyuko umewaka. Punde etha huchemka kwa joto la mmenyuko wenyewe. Bromobenzeni iliyobaki idondoshwe polepole. Ukiimimina kwa haraka, sehemu yake huungana na kitendanishi kilichokwisha kuundwa na kuleta bifenili, ambayo utaikuta baadaye kama vipande vyeupe vinavyong'aa.

Sasa chupa ipozwe kwa barafu, na gramu 3.24 za butanoni, sawa na moli 0.045, zidondoshwe zikiwa zimeyeyushwa katika etha. Baridi hii ina sababu yake. Kitendanishi kina uwezo wa kuinyang'anya butanoni haidrojeni iliyo jirani na kabonili badala ya kujiunga nayo, na mkondo huo ukitokea, maji ya mwisho hurudisha butanoni kama ilivyokuwa. Mtu akipata ketoni nyingi iliyobaki ilhali ana hakika kitendanishi kilitosha, hapo ndipo pa kutazama. Kipimo cha mionzi ya infraredi humwambia: mstari mkali karibu na mawimbi 1715 kwa sentimita ni wa butanoni, na mlima mpana karibu na 3400 ni wa OH ya alkoholi anayoitaka.

Kumalizia, tumia mmumunyo wa kloridi ya amoniamu, si asidi hidrokloriki kali. Alkoholi hii ni ya daraja la tatu na imeegemea fenili, kwa hiyo asidi kali huipokonya maji na kuiacha ikiwa alkeni, na athari hiyo huzidi ikipashwa moto. Ndiyo maana tabaka la etha huoshwa pia kwa bikaboneti ya sodiamu kabla ya kukenekwa, tena kwa shinikizo la chini. Zao lote likipatikana lingekuwa gramu 6.76, lakini halipatikani lote.

Uamuzi huu usichukuliwe kuwa wa kudumu kwa kila alkoholi inayofanana. Badilisha ethili iwe kundi nene la tet-butili, na hesabu inageuka. Kitendanishi cha tet-butili kikipelekwa kwenye asetofenoni hushindwa kupenya, kikaishia kunyakua haidrojeni ya ketoni au kuipa haidrojeni yake na kuigeuza alkoholi nyingine. Kundi nene liwekwe upande wa ketoni tangu mwanzo, na kinachotoka nje kiwe methili ndogo. Ketoni hiyo, yenye fenili upande mmoja na tet-butili upande wa pili, haina hata haidrojeni moja jirani ya kabonili ya kunyang'anywa, hivyo methili haina njia nyingine ila kujiunga.