CV uliyotuma ina tarehe isiyo sahihi: namna ya kumwandikia afisa ajira

Katika kitengo chetu cha ushauri wa ajira tunapokea swali hili kila msimu wa matangazo ya kazi. Mtu ametuma maombi kwa barua pepe, akafungua tena kiambatisho akiwa ametulia, akakuta amepeleka CV ya zamani au mwaka mmoja wa ajira umeandikwa vibaya. Wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaonyamaza wakiomba Mungu isionekane, na wapo wanaotuma faili jipya haraka na maneno mawili tu: "Samahani, tumia hii." Njia zote mbili zina hasara, na ya pili inahitaji maelezo zaidi kwa sababu anayeitumia huamini kwamba ameshamaliza kazi.

Fikiria upande wa pili kuna nini. Afisa rasilimali watu anayeshughulikia nafasi moja hapokei maombi na kuyasoma moja moja kama barua za ndugu. Anapakua viambatisho, anavihifadhi kwenye folda ya nafasi hiyo, kisha anajaza jedwali: jina, elimu, miaka ya uzoefu, mwajiri wa mwisho. Jedwali hilo ndilo linalokwenda kwa kamati ya kuchuja. Ukituma faili la pili bila kueleza kilichobadilika, yeye ana mafaili mawili yanayofanana kwa macho, na hawezi kukaa kuyalinganisha mstari kwa mstari. Anaweza kuliacha la kwanza lililokwisha kuingizwa kwenye jedwali. Kwa hiyo marekebisho yako yaandikwe ndani ya barua yenyewe: mahali penye kosa, kilichoandikwa, na kilicho sahihi. Akisoma mistari mitatu aweze kusahihisha jedwali lake bila hata kufungua kiambatisho.

Tuchukue mfano. Tangazo la nafasi ya mhasibu msaidizi katika kampuni binafsi linataka uzoefu usiopungua miaka 3. Mwombaji ameandika kwenye CV kwamba alifanya kazi kwa mwajiri wake wa mwisho kuanzia Juni 2020 hadi Agosti 2023. Ukihesabu miezi yote, ni 39, yaani miaka 3 na miezi 3. Ukweli ni kwamba mkataba wake ulianza tarehe 1 Juni 2021. Ni tarakimu moja tu imekosewa, lakini uzoefu umeshuka hadi miezi 27, yaani miaka 2 na miezi 3. Kabla ya hapo, kuanzia Desemba 2020 hadi Mei 2021, alikuwa ofisi hiyohiyo kwa mafunzo kazini. Ukiijumlisha miezi hiyo 6 unapata 33, na bado hajafika 36.

Hapa ndipo mtu hushawishika kuitaja tarehe mpya kwa kificho. Anaandika kwamba "ameboresha CV" na kuambatisha, akitumaini kwamba hakuna atakayehesabu. Ushauri wetu ni kwamba kosa linapogusa sharti la tangazo, hesabu iliyobadilika itajwe waziwazi, hata kama inakupunguzia nafasi. Kosa la mtaa unaoishi au tarehe ya semina linaweza kurekebishwa kwa sentensi moja. Tarehe iliyokupa sifa usiyokuwa nayo ni jambo jingine, kwa sababu ikigunduliwa baadaye itaonekana kama udanganyifu, na wewe ndiye utakayetakiwa kueleza kwa nini ulijua ukanyamaza.

Barua ya mwombaji wetu inaweza kuwa hivi:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Naandika kurekebisha kosa kwenye CV niliyotuma jana kwa nafasi ya Mhasibu Msaidizi.

Katika ukurasa wa kwanza, chini ya mwajiri wangu wa mwisho, niliandika kuwa nilianza kazi Juni 2020. Tarehe sahihi ni 1 Juni 2021. Tarehe ya kumaliza, Agosti 2023, haijabadilika. Kwa marekebisho haya, uzoefu wangu wa ajira katika ofisi hiyo ni miaka 2 na miezi 3. Kabla ya kuajiriwa nilifanya mafunzo kazini katika ofisi hiyohiyo kuanzia Desemba 2020 hadi Mei 2021, na sasa nimeyaonyesha peke yake.

Nimeambatisha CV iliyorekebishwa pamoja na nakala ya cheti changu cha utumishi. Naomba itumike badala ya ile ya awali. Viambatisho vingine vinabaki kama vilivyo.

Naomba radhi kwa usumbufu.

Wako mtiifu,
(jina kamili na namba ya simu)"

Angalia kwamba radhi imeombwa mara moja tu, mwishoni. Barua nyingi tunazoletewa tuzipitie huanza na aya nzima ya kuomba msamaha, kueleza kwamba umeme ulikatika, kwamba kompyuta ni ya jirani, na msomaji anafika chini bila kujua tarehe sahihi ni ipi. Sababu ya kosa huhitajiki kuitoa, isipokuwa ukiulizwa. Angalia pia kwamba mwombaji hakuamua mwenyewe kama mafunzo kazini yanahesabika. Waajiri hutofautiana katika hilo, na kazi yake ni kuweka kila kipindi mahali pake ili mwajiri aamue.

Kama tangazo na maombi yalikuwa kwa Kiingereza, barua hii nayo iwe kwa Kiingereza, kwa mpangilio uleule.

Nimetaja cheti cha utumishi kwa sababu ndicho ushahidi mwepesi zaidi wa tarehe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Kenya pia sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 inadai hivyo, na cheti chao hutaja tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi. Kama hukupewa, mwandikie mwajiri wa zamani ukiomba. Usikimbilie kuambatisha mkataba mzima, kwa kuwa una mshahara wako na pengine masharti ya mwajiri ambayo hayamhusu mtu wa nje. Sema tu kwamba upo ukihitajika.

Wengi pia hutegemea taarifa ya michango ya NSSF. Inasaidia, lakini isome kabla ya kuitoa. Mwajiri akichelewa kukusajili, michango inaweza kuanza kuonekana Septemba ilhali wewe ulianza kazi Juni. Anayehakiki akikuta pengo hilo bila maelezo atadhani tarehe yako mpya nayo si sahihi. Katika hali kama hiyo tanguliza cheti au barua ya ajira, na ueleze tofauti hiyo kwa sentensi moja.

Sasa kuhusu utumaji wenyewe. Fungua barua uliyoituma kwenye folda ya zilizotumwa, kisha bonyeza kitufe cha kujibu, `Reply`. Katika Gmail jibu hilo litakwenda kwa mtu yuleyule uliyemwandikia mwanzo, na litakaa chini ya barua ya kwanza. Usitumie `Forward`, kwa sababu hiyo hubeba viambatisho vya mwanzo, na CV yenye kosa itasafiri tena pamoja na mpya. Kichwa cha barua usikibadilishe hata kama unatamani kuandika "MAREKEBISHO" kwa herufi kubwa. Ukikibadilisha, Gmail huanzisha mazungumzo mapya na barua mbili hutengana. Neno hilo liweke kwenye sentensi ya kwanza na kwenye jina la faili, kwa mfano `CV_JinaLako_MhasibuMsaidizi_Marekebisho.pdf`. Jina kama `CV mpya final 2` halimwambii afisa chochote, na likiingia kwenye folda yenye mafaili mia halijulikani hata ni la nani.

Usitume maombi yote upya pia. Utaonekana umeomba mara mbili, na mtu atalazimika kutafuta ni lipi la kuondoa. Wala usitegemee kuifuta barua iliyokwisha kwenda. Gmail inakupa nafasi ya kutendua kwa sekunde zisizozidi 30. Ile `Recall` ya Outlook kwa kawaida hufanya kazi ndani ya ofisi moja tu, na haifiki kwenye sanduku la kampuni nyingine.

Kama kosa ni la toleo zima, yaani umetuma CV uliyoiandaa kwa kampuni nyingine na jina la kampuni hiyo limo ndani, barua inakuwa fupi zaidi. Sema kwamba kiambatisho cha awali kiliandaliwa kwa ajili ya nafasi nyingine, kwamba hiki ndicho kinachohusu nafasi yao, na utamke wazi kama tarehe na vyeo ni vilevile katika mafaili yote mawili. Sentensi hiyo ya mwisho husahaulika, na ndiyo inayomwondolea afisa shaka. Kabla ya kuiandika, weka mafaili mawili sambamba uhakikishe ni kweli. Mara nyingi toleo la zamani lina cheo tofauti au mwezi tofauti, na tofauti hiyo nayo inapaswa kutajwa.

Kwa maombi yaliyojazwa kwenye mfumo wa mtandaoni, kubadilisha wasifu wako si lazima kubadilishe ombi lililokwisha wasilishwa. Fungua ombi lenyewe uangalie linaonyesha tarehe ipi. Likibaki na ya zamani, andika kwa anwani ya mawasiliano iliyo kwenye tangazo, ukitaja jina la nafasi na namba ya kumbukumbu. Rekebisha na LinkedIn siku hiyohiyo, maana tarehe tatu tofauti sehemu tatu huzua maswali kuliko kosa lenyewe. Wadhamini wako nao waambie tarehe sahihi, kwani wao ndio watakaopigiwa simu.

Marekebisho yanafaa zaidi kabla ya siku ya mwisho ya kupokea maombi, lakini siku hiyo ikipita bado andika. Huenda mwombaji wetu akaachwa kwa kukosa miezi 9, na hilo hatulifichi. Akinyamaza akaajiriwa, kosa linaweza kuibuka mwajiri atakapohakiki nyaraka. Kanuni za utendaji bora chini ya ile sheria ya ajira ya Tanzania, zilizotolewa mwaka 2007, zinataja ukosefu mkubwa wa uaminifu miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Barua ya marekebisho yenye tarehe yake ni ushahidi kwamba hukukusudia kudanganya, kwa hiyo ihifadhi pamoja na jibu lolote utakalopata.

Zikipita siku 3 za kazi bila jibu, piga simu mara moja na uulize kama faili lililorekebishwa limepokelewa. Ukiitwa kwenye usaili, chapisha nakala za CV mpya zinazotosha wajumbe wote, kwa sababu jopo linaweza kuwa limepewa ile ya kwanza. Wajulishe mwanzoni, kabla swali la uzoefu halijaulizwa, kwamba ulituma marekebisho ya tarehe, kisha wagawie nakala hizo.