Karata mbili za kuzika kwenye Skati

Kosa lililonigharimu zaidi nilipoanza kucheza Skati huku Ujerumani halikuwa kwenye mnada. Lilikuwa kwenye zile sekunde kumi baada ya kushinda mnada, nimeokota karata mbili za mezani, nina kumi na mbili mkononi, na lazima mbili zirudi chini kifudifudi. Mimi huita kuzika.

Kwa wasioujua, mchezo huu ulizaliwa Altenburg mwanzoni mwa karne ya 19. Wachezaji ni watatu, karata 32, kila mmoja hupewa kumi, na mbili hubaki mezani: hizo ndizo skati. Aliyeshinda mnada, yaani aliyeahidi mchezo wa thamani kubwa zaidi, huziokota, huzika mbili azitakazo, kisha hutaja turufu na kucheza peke yake dhidi ya wenzake wawili. Ree ina pointi 11, kumi 10, mfalme 4, bibi 3, ghulamu 2. Jumla ni 120, na anayecheza peke yake anahitaji 61. Wa Pwani wanaojua mchezo wa wahedi wa sitini hawatashangaa. Akipata 60, ameshindwa.

Mambo mawili yanatatiza wageni. Ghulamu wote wanne ni turufu, hata itajwe aina gani, wakiongozwa na wa pau, kisha shupaza, kopa, uru. Na kumi huizidi nguvu mfalme, ikiliwa na ree tu.

Pointi za karata ulizozika ni zako, na hakuna wa kukunyang'anya. Kwenye 500, mchezo wanaoupenda Waaustralia, unachozika hakina thamani yoyote, kwa hiyo unatupa takataka tu. Kwenye Skati kaburi ni benki, na hapo ndipo tamaa inapoingia.

Huu mkono wangu naukumbuka. Nilikuwa na ghulamu wa pau, wa kopa na wa uru. Ree, mfalme na tisa za kopa. Kumi ya pau. Kumi ya shupaza. Bibi na nane za uru. Nilinadi hadi 20 wakaniachia. Skati ikanipa saba ya kopa na ree ya pau. Turufu kopa, bila shaka: nina saba kati ya kumi na moja. Swali ni lile la kuzika.

Nilizika ree na kumi za pau. Pointi 21 kibindoni! Theluthi ya safari imekwisha, nikajisifu kimoyomoyo.

Tazama nilichobakiza: kumi ya shupaza peke yake, na bibi na nane za uru. Wapinzani wakaanza na ree ya shupaza. Kumi yangu haina mdogo wa kumtanguliza, ikaliwa, na mwenzake akatia mfalme: 25. Wakacheza ree ya uru, mwenzake akamtupia kumi, mimi nikatoa nane: 21. Kisha mfalme wa uru akamla bibi wangu: 7. Kwenye turufu, ghulamu wa shupaza na kumi ya kopa wakawapa 12. Wamefika 65, na benki yangu ya 21 haikunisaidia kitu.

Ilipaswa kuzikwa kumi ya shupaza na bibi wa uru. Ni pointi 13 tu, lakini shupaza sina tena: wakiniletea ree yao naipiga turufu, na pointi zake 11 zinakuja kwangu. Uru imebaki nane peke yake, yaani naliwa mara moja tu. Ree na kumi za pau hazihitaji kaburi, kwa sababu zitakula zenyewe nikishamaliza turufu zao. Kwa mgao uleule wapinzani wangepata 21 za uru na 12 za turufu, jumla 33.

Kwa hiyo sasa sihesabu kwanza pointi ninazozika. Nahesabu ninazoacha zikiwa hatarini. Kumi iliyo pekee huwa ya kwanza kaburini, na ya pili ni ile inayonimalizia aina moja, au angalau kunipunguzia. Ree naizika mara chache sana, nikiwa na turufu haba na kuogopa aina hiyo kupigwa turufu.

Kuna mtego mmoja ambao kuzika hakuuponyi. Umenadi 30 kwa kopa ukiwa huna ghulamu wawili wa juu. Thamani ya mchezo ni idadi ya ghulamu wa juu mfululizo unaowakosa, au ulionao, hapa wawili, jumlisha moja ya mchezo, mara 10 ya kopa. Unaokota, na ghulamu wa pau huyo hapo! Sasa hesabu ni mmoja, jumlisha moja, mara 10: 20 tu, chini ya ulichonadi. Wengine humzika haraka wakidhani wamejiokoa, lakini karata zilizozikwa nazo huhesabiwa. Hapo unabadili mchezo, au uwazuie wapinzani wasifike 31, kwani hilo linaongeza moja nyingine kwenye hesabu na kukurudisha kwenye 30.