Usianze metta na aliyekuudhi

Wiki iliyopita imetokea tena, nikaona bora niandike. Dada mmoja kaja kwenye darasa langu la metta, tafakuri ya Kibuddha ya kuwatakia watu heri, siku yake ya kwanza, kafumba macho, kamweka mbele yake mtu aliyemdhulumu, akaanza kumtakia heri. Dakika kumi hazikuisha, anatetemeka kwa hasira. Aliondoka akisema metta haimfai mtu mwenye kinyongo kama chake. Kosa halikuwa lake. Kuna mtu alimwambia kwamba metta ni kumpenda adui, na kwamba ukitaka kupona haraka basi nenda moja kwa moja pale panapouma.

Buddhaghosa, mtawa wa Kibuddha aliyeandika Visuddhimagga, kitabu cha mwongozo wa tafakuri, huko Sri Lanka katika karne ya 5, alikataza jambo hilo waziwazi. Unaanza na nafsi yako, kisha mtu unayemheshimu aliyekutendea wema, kisha rafiki wa karibu, kisha mtu usiye na habari naye, na mwisho kabisa yule unayemchukia. Marehemu hawekwi, hata kama ulimpenda vipi.

Kila mmoja unamwita kwa sura, unamtakia kwa maneno machache: awe salama, awe na afya, aishi kwa amani. Dakika tano kwa mtu mmoja zinatosha. Usiende kwa mtu wa pili mpaka wa kwanza awe mwepesi moyoni, hata ikichukua wiki tatu.

Hapa ndipo watu wanaponichosha. Wananiambia, "Mwalimu, nasema awe salama lakini sisikii chochote, kwa hiyo ni uongo." Si uongo. Metta ni nia ya kumtakia mtu mema, na nia inaweza kuwepo moyo ukiwa mkavu. Unapomwagilia mche hulazimiki kuwa na furaha, unalazimika kumwaga maji. Tena ule ulaini unaosubiriwa kwa hamu una hatari yake: Buddhaghosa anasema adui wa mbali wa metta ni chuki, lakini adui wa karibu ni mapenzi yenye kung'ang'ania, kwa sababu yanafanana nayo. Anayejilazimisha kumpenda aliyemdhulumu mara nyingi huishia kumtamani arudi, akadhani amefika.

Na kumtakia mtu usalama hakufuti deni lake.

Mwanafunzi wangu mmoja alimdhamini mwenzake kwenye kikoba, mkopo wa laki sita. Mwenzake akahama mtaa, kikoba kikakata hisa zake yeye. Alianza na nafsi yake, akaenda kwa shangazi aliyemlea, akaenda kwa muuza genge asiyemjua hata jina. Wiki ya sita akamweka yule mdeni. Alipofika "awe na afya" meno yakabana, na vidole vikaanza kusokota pindo la kanga. Hiyo ndiyo dalili: mwili unajua kabla ya akili. Nilimwambia aache hapohapo, arudi kwa shangazi mpaka taya lilegee, kisha ajaribu tena. Alirudi hivyo mara nne kwa kikao kimoja.

Haikutosha, tukatumia njia nyingine ya Buddhaghosa: tafuta jambo moja jema la mtu huyo, moja tu, ukae nalo. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akakumbuka kwamba mama yake alipofariki, yule mwanamke alilala msibani siku tatu akiosha masufuria nyuma ya nyumba, mikono myeusi kwa masizi. Akaacha uso wa yule mtu, akashika ile mikono. Kwa mikono ile aliweza kusema awe salama bila kubana meno.

Kuna mambo mawili bado yananisumbua. Wapo wanaojichukia kuliko wanavyomchukia adui yeyote, na hao wakianza na nafsi zao wanakwama siku ya kwanza. Mimi huwaanzisha na aliyewatendea wema. Buddhaghosa mwenyewe anasema nafsi iko mwanzo kama mfano tu: kama mimi ninavyotaka raha, ndivyo na wengine. Hata hivyo, nageuza mpangilio aliouweka yeye, na sina uhakika kwamba sipotezi kitu. La pili, taya likilegea, mara nyingi siwezi kujua kama kinyongo kimeyeyuka au kimefukiwa. Naachia siku watakayokutana ana kwa ana itoe jibu.

Yule mwanafunzi na mdeni wake walikutana mwezi wa tatu, sokoni, kwenye vitunguu. Moyo ulimdunda, akasalimia, akauliza pesa yake. Akajibiwa mwisho wa mwezi. Usiku ule, kwenye tafakuri yake, alikaa na shangazi yake dakika zote ishirini, wala hakumgusa kabisa yule mdeni.